Kupanga tarehe ya usuluhishi bila kuonekana una upande

Karani mpya akipewa jalada la mgogoro wa kazi, kitu cha kwanza anachokifanya ni kunyanyua simu. Anampigia wakili wa kampuni kwa sababu namba yake iko kwenye barua yenye nembo, wanakubaliana tarehe 25, kisha anampigia mlalamikaji: "Mwenzako ameshakubali tarehe 25, wewe unasemaje?" Hapo mlalamikaji ameshajua kwamba tarehe ilipangwa bila yeye. Hata kama 25 ingemfaa, ataingia chumbani akiamini ofisi na kampuni ni kitu kimoja, na msuluhishi atatumia saa nzima ya kwanza kulisafisha hilo badala ya kuzungumzia madai.

Tuchukue mgogoro wa kawaida ulioletwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, Tanzania Bara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaupa usuluhishi siku 30 tangu mgogoro uwasilishwe, na muda huo huongezwa pande zote mbili zikikubaliana kwa maandishi. Tarehe inapangwa na msuluhishi. Kazi yako ni kumletea tarehe zinazowezekana, na kuzipata kwa njia ambayo hakuna atakayeilalamikia baadaye.

Kabla ya kugusa simu, chukua kalenda na uhesabu. Tuseme fomu ya kuwasilisha mgogoro, CMA F.1, ilipokelewa Jumatatu tarehe 3 Juni 2024. Siku 30 zinaishia Jumatano tarehe 3 Julai. Katikati kuna Idd el Hajj, Jumatatu tarehe 17 Juni, na watu wengi huanza kusafiri tangu Ijumaa ya kabla yake. Ijumaa yoyote, mkutano ukianza saa 5 asubuhi utakatwa na swala. Ukiondoa hayo, pamoja na muda wa kufikisha wito, siku za kweli zinabaki chache kuliko zinavyoonekana kwenye ukuta. Chagua tatu, na zisiwe za siku moja ya wiki, maana mwenye kesi nyingine kila Alhamisi atashindwa zote tatu. Tuseme umechagua Alhamisi 20, Jumanne 25 na Ijumaa 28 Juni, zote saa 3:00 asubuhi.

Kisha jiulize unamwandikia nani. Mlalamikaji anaweza kuwakilishwa na kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi, na mwajiri na wakili au chama cha waajiri. Mwakilishi akishatajwa, ujumbe unapitia kwake. Ukimrukia wakili ukampigia meneja rasilimali watu kwa kuwa mnafahamiana, umeshaharibu. Ila hakikisha uwakilishi huo uko kwenye jalada kwa maandishi, kwa sababu kuna "wawakilishi" wanaojitokeza kwenye simu tu.

Ujumbe uwe mmoja, maneno yaleyale, utumwe kwa wote kwa pamoja. Kwenye barua pepe, weka pande zote mbili kwenye mstari wa wapokeaji, mlalamikaji akitangulia kama alivyo kwenye jalada. Usimweke mmoja kama mpokeaji na mwingine kama wa kupewa nakala. Kama mlalamikaji ana kitochi tu, mtumie maneno hayohayo kwa SMS wakati huohuo, umpigie kuyasoma, na uandike kwenye jalada saa uliyopiga. Hata majina ya heshima yalingane: ukimwita mmoja "wakili msomi", wa chama naye aitwe "ndugu katibu", asibaki bila cheo.

Ujumbe wenyewe unaweza kuwa hivi:

"Tafadhali tujulisheni ni tarehe ipi au zipi kati ya hizi mnaweza kuhudhuria: 20, 25, 28 Juni 2024, saa 3:00 asubuhi (09:00 kwa saa ya simu). Majibu yatufikie kabla ya Alhamisi 13 Juni, saa 10:00 jioni (16:00). Anayekuja awe na mamlaka ya kukubali suluhu. Ujumbe huu umetumwa kwa pande zote mbili."

Saa imeandikwa mara mbili kwa makusudi. Mawakili wengi huweka kalenda zao kwa saa za Kiingereza, na ukiandika "saa 3" peke yake kuna atakayefika saa 9 alasiri. Na sentensi ya mwisho, ndogo kama ilivyo, ndiyo inayotuliza watu.

Umeuliza tarehe zote anazoziweza, hukuuliza kama anaikubali moja. Kwa hiyo hakuna wa kwanza kujibu anayeishika siku. Majibu yakianza kuingia, yaweke jaladani na unyamaze. Mmoja akipiga kuuliza "wenzetu wamesemaje?", mwambie muda wa majibu haujaisha.

Sasa tuseme katibu wa chama amejibu 20 na 28. Wakili amejibu 25 tu, na akaongeza kuwa 28 anaiweza kuanzia saa 8:00 mchana kwa sababu asubuhi ana kesi Mahakama Kuu. Kishawishi cha hapa ni kumpigia katibu na kumwomba asogee mchana, kwa kuwa "ni masaa machache tu". Usifanye hivyo. Utakuwa umemwomba upande mmoja ujirekebishe kwa ratiba ya mwingine, na mara nyingi anayeombwa ni yule asiye na wakili. Rudi kwa wote na swali jipya lenye machaguo mawili: Ijumaa 28 Juni saa 8:00 mchana, au Jumatatu 1 Julai saa 3:00 asubuhi. Usieleze nani alikataa nini. Andika tu kwamba tarehe za awali hazikupata makubaliano. Sababu ya wakili ni ya wakili, ukiipeleka upande wa pili itageuzwa kuwa "wanatuchelewesha".

Kama wote wameiweza Jumatatu, mpelekee msuluhishi na umkumbushe kwamba baada ya siku hiyo zitabaki siku mbili kabla ya muda kuisha. Maana yake, mazungumzo yakihitaji kikao cha pili hakutakuwa na nafasi bila makubaliano ya maandishi ya kuongeza muda. Swali hilo nalo liulizwe kwa wote pamoja, kwenye ujumbe mmoja.

Eneo ambalo makarani wengi hujikwaa ni maombi ya kuahirisha. Wakili akisema ana kesi mahakama ya juu, tunamwamini kwa neno lake. Mfanyakazi akisema mtoto anaumwa, tunamwambia alete cheti cha hospitali. Ukidai nakala ya wito kwa mmoja, dai ushahidi kwa mwingine, na ombi lolote lipelekwe upande wa pili kwa maoni kabla msuluhishi hajaamua. Wewe usiseme "sawa" kwenye simu, hata kwa ombi lililo wazi.

Kufikisha wito kunahitaji uangalifu zaidi ya vyote, kwa sababu sheria inamruhusu msuluhishi kulitupa lalamiko aliyelileta asipohudhuria, au kuliamua mlalamikiwa asipohudhuria. Daftari la kufikisha nyaraka lionyeshe jina la aliyepokea, cheo chake, tarehe, saa na sahihi. Mlinzi wa getini akisaini bila jina, wito huo utabishaniwa. Pande zote zipelekewe siku moja, kwa mtu yuleyule ikiwezekana, na siku moja kabla ya kikao watumiwe SMS ya kukumbusha, wote, hata yule aliyekwisha kukuhakikishia kwamba atakuja.