Kuweka sauti ya maelezo kwa wasioona kwenye video ya somo: yaliyonikuta kwenye bureti

Video yangu ya kwanza ilikuwa ya titresheni, dakika 9, mwalimu anaongea karibu muda wote. Nikakaa na maiki nikasimulia kila ninachokiona. Wee! Nusu ya sentensi zangu zilimkanyaga mwalimu.

Siku hizi sishiki maiki kabla sijasikiliza video nzima nimefumba macho, na kila mwalimu akisema "hapa", "hivi", "mnaona eeh" naandika dakika na sekunde, maana hapo ndo asiyeona anapoachwa. Koti jeupe na ukuta wa maabara wala usihangaike navyo. Halafu napima kimya kilicho karibu. Mimi natoa kama maneno mawili kwa sekunde, maana maneno yetu ni marefu, kwa hiyo kimya cha sekunde 4 ni maneno 8 basi. Pale 2:14 nilikuwa nimeandika "mwalimu anafungua bomba la bureti taratibu huku akitikisa chupa yenye asidi na rangi ya pinki inaonekana kidogo halafu inapotea", haiingii hata ukimbie. Ikabaki: "Tone likidondoka, pinki inatokea kisha inapotea."

Sasa kosa kubwa. Mbele kidogo mwalimu anauliza "bureti inasoma ngapi?" ananyamaza sekunde 5. Mimi nikajaza pale "24.6". Jamaa mmoja asiyeona niliyempa asikilize akaniambia kaka, wenzangu wameulizwa swali, mimi umenipa jibu. Nikabadilisha: "Kimiminika kiko mstari wa sita chini ya 24." Hapo lazima mwanafunzi akumbuke bureti inasomwa kushuka chini na kila mstari ni 0.1, yaani kazi ileile ya mwenzake anayeona.

Ila sentensi hiyo ikala kimya chote, muda wa kufikiri haupo tena. Dawa yake ni kugandisha picha: kwenye programu ya kuediti nilisimamisha ile fremu ya bureti sekunde 5 zaidi, nikaweka maelezo mwanzoni, kinachobaki kimya tupu. Kumbuka video ina maandishi ya chini? Yote baada ya hapo yasogeze sekunde 5, mimi nilisahau yakawa yanatangulia mdomo wa mwalimu.

Sauti nachanganyia Audacity. Weka traki ya maelezo chini tu ya traki ya mwalimu, chagua ya mwalimu peke yake, Auto Duck, muziki na kelele za maabara zinashuka zenyewe ukiongea. Nikimaliza naexport wav moja naibandika kwenye ile video iliyogandishwa:

```
ffmpeg -i somo.mp4 -i mchanganyiko.wav -map 0:v -map 1:a -c:v copy -c:a aac somo_maelezo.mp4
```

Nilishajaribu kuweka traki mbili kwenye faili moja mtu achague mwenyewe, kwenye simu ikacheza ya kwanza tu na pa kubadilishia hatukupaona, so natoa mafaili mawili, na neno "maelezo" naliweka kwenye jina maana kisoma skrini kinamsomea jina la faili.