Bakapu ipo, pasiwedi naikumbuka, na bado haifunguki

Swali: "Wakuu, ofisi yetu ya watu sita tunataka kuanza bakapu za Borg zilizofungwa kwa pasiwedi, tuziweke kwenye diski ya nje. Pasiwedi nimeiandika pembeni, inatosha?"

Haitoshi mkuu, inategemea uliichagua mode gani siku ya kuanzisha. Mimi niliweka `keyfile`, nikijiona mjanja, sababu hapo ufunguo haukai ndani ya bakapu, unakaa kwenye kompyuta yenyewe, `~/.config/borg/keys/`, na pasiwedi kazi yake ni kuufungua huo ufunguo tu. Sasa SSD ya seva ikafa asubuhi moja, nikachukua diski ya nje nikaichomeka kwenye laptopu nyingine, roho yangu imetulia kabisa, ikaniandikia `No key file for repository`. Pasiwedi naijua kichwani, haijaniuliza hata. Ufunguo ulikuwa umeshazikwa na ile SSD, na faili la ufunguo halikuwa kwenye bakapu, na hata lingekuwemo lingesaidia nini, ni kama kufungia funguo za gari ndani ya gari. Tulikaa wiki tatu tunaingiza invoisi upya kutoka kwenye makaratasi, bosi hanisalimii.

Ukitumia `repokey` ufunguo unakaa ndani ya hiyo bakapu, kwenye faili la `config`, kwa ofisi ndogo nakushauri hiyo. Ila hilo faili likiharibika umerudi palepale, kwahiyo mode yoyote ile toa nakala ya karatasi:

```
borg key export --paper /mnt/bakapu/ofisi ufunguo.txt
```

Inakupa mistari michache ya herufi na namba, kila mstari una alama za kuhakiki ili ukikosea kuandika ikushtue. Printi mbili, moja kwa bosi nyumbani, nyingine kwa mtu mwingine mnayemwamini nje ya ofisi. Aliyeiba karatasi bila pasiwedi hana kitu, ndo maana pasiwedi iwe kwenye bahasha yake sehemu tofauti, na watu wawili wajue ilipo, usiwe wewe peke yako, maana unaweza kuugua au kuacha kazi.

Kitu kingine watu hawakijui, ukibadilisha pasiwedi baadae, karatasi ya zamani inaendelea kufunguka na pasiwedi ya ZAMANI, ile mpya itaikataa. Printi upya siku hiyohiyo au andika tarehe kwenye karatasi na bahasha zote mbili.

Halafu jaribu kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuigusa hiyo bakapu, ukiwa na karatasi na bahasha tu:

```
borg key import --paper /mnt/bakapu/ofisi
borg list /mnt/bakapu/ofisi
```

Ukiona orodha usiishie hapo, toa faili moja la eksel kwa `borg extract` ulifungue. Na mwambie mwenzio afanye, wewe kaa pembeni umenyamaza. Sisi mara ya kwanza yule dada wa akaunti alikwama kwenye bahasha, mwandiko wangu l na 1 havitofautiani.