Usiseme umekuja kusaidia

SWALI LA WIKI: "Mgeni wa kujitolea anashuka Dar kutoka ng'ambo. Ninyi mnaompokea hamjui habari zake zaidi ya jina. Siku ya kwanza ajitambulisheje?"

Mimi ni mratibu wa kituo cha kutwa cha watoto wenye ulemavu, huku Temeke. Wageni wa aina hiyo nimepokea tisa. Aliyenifundisha jibu ni mmoja tu, kwa sababu utambulisho wake uliharibika mimi nikiwa nimesimama pembeni napiga makofi.

Alikuwa binti wa Kijerumani, miaka 19. Kabla hajafika tulitumiwa karatasi moja: jina, siku ya ndege, hali nyama, anapenda watoto, anapiga gitaa. Jumamosi yake ya kwanza ikaangukia kikao cha wazazi. Akasimama na dera aliloshonewa na mama mwenye nyumba wake, akatoa sentensi alizokariri usiku kucha: "Mimi naitwa fulani. Natoka Ujerumani. Nimekuja kujitolea na kuwasaidia watoto wenu." Vigelegele.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi nikamkuta mama mmoja kwenye benchi, mtoto mgongoni, mkononi bahasha kubwa ya kaki yenye picha za eksirei. Nikamkaribisha ofisini. Akatikisa kichwa. "Namsubiri daktari wa Kijerumani."

Kosa halikuwa la mama yule. Hebu fikirini neno lenyewe. Hapa kwetu mwalimu wa kujitolea ni mtu aliyemaliza chuo, ana cheti chake kabatini, anafundisha kwa posho ya nauli huku akisubiri ajira. Muuguzi wa kujitolea ni hivyohivyo. Kwa hiyo mtu akituambia anajitolea, tunachosikia ni kwamba fani anayo, mshahara ndio hana. Ujerumani mambo ni mengine. Mpango wao wa weltwärts, ulioanza 2008, huchukua vijana wa miaka 18 hadi 28, na wengi wao ndio kwanza wametoka shule. Wajapani, ambao vijana wao wa kujitolea wanakuja Tanzania tangu 1967, huja na fani maalumu iliyoombwa na ofisi inayowapokea. Neno ni lilelile, watu ni tofauti kabisa. (Kwa Wajapani tatizo huwa jingine: yako majina yao ya ukoo ambayo kwa Kiswahili ni matusi mazito. Sitayaandika gazetini. Mwenyeji mwenye busara humnong'oneza mgeni mapema kwamba hapa utatumia jina la kwanza.)

Nirudi kwa binti. Alipoletewa mtoto hakujua kukataa, na hata angejua, Kiswahili cha kukatalia hakuwa nacho. Akamlaza mtoto kwenye mkeka, akaanza kumnyoosha miguu. Mtoto yule ana mtindio wa ubongo, ule wa misuli kukakamaa. Misuli ya namna hiyo ukiivuta haraka ndiyo kwanza inakaza, na nyonga za watoto hawa mara nyingi huwa zinahama taratibu kutoka mahali pake. Anayemnyoosha lazima ajue anachokishika. Mtu wetu wa fiziotherapia huja Jumanne na Alhamisi, siku hiyo hakuwepo. Mimi nilisikia kilio nikiwa ofisini nahesabu risiti, nikatoka mbio. Mtoto hakuumia, Mungu saidia. Lakini kabla ya saa sita baba mwingine akawa amekuja kuuliza lini viti mwendo vitagawiwa, maana mzungu amesema anasaidia watoto.

Jioni nikaenda anakoishi, Mtoni kwa Azizi Ali. Tukakaa barazani na mama mwenye nyumba wake, tukaandika utambulisho upya. Binti alitaka kuanza na kuomba radhi. Mama mwenye nyumba akasema hapana, unaanza na shikamoo, halafu unanyamaza mpaka marahaba zitoke zote. Mimi nikaongeza kwamba shikamoo ni ya wazee na wazazi watu wazima. Ukimpa kijana wa bodaboda mtaa mzima utacheka. Hiki ndicho alichosoma kwenye kikao kilichofuata, nimekinakili kwenye daftari langu:

"Shikamooni wazazi wangu. Habari za nyumbani? Mimi naitwa fulani, kwetu ni karibu na mji wa Bremen. Baba yangu ni fundi umeme, mama yangu anauza duka la dawa, nina kaka mmoja. Nina miaka 19. Shule nimemaliza mwaka huu, chuo bado sijasoma. Mimi si daktari, si muuguzi, wala si mtu wa mazoezi. Najua kuchora na kupiga gitaa. Sikuja na pesa za mradi; chakula na nauli napewa na walionileta. Naishi kwa mama fulani, Mtoni. Nitaondoka Agosti. Kazi zenu sizijui, naomba mnifundishe."

Angalieni yaliyomo. Wazazi na kaka wametajwa kabla ya shule, kwa sababu mtu asiye na kwao hatumwamini na mtoto. Nyumba anayolala imetajwa, ili mzazi ajue akikosewa aende kumlalamikia nani. Mwezi wa kuondoka umetajwa, maana watoto wetu wanazoea mtu halafu anapotea. Sentensi ya "si daktari" ndiyo iliyompa shida kuitamka. Aliona kama anajidhalilisha, kwao mtu akijitambulisha hutaja anachokiweza. Nikamwambia hapa tayari tumeshakupa vyeo ambavyo huna, kazi yako ni kuvivua kimoja kimoja.

Dini hatukuiandika, lakini ataulizwa tu, tena siku hiyohiyo. Yeye hana. Nilimshauri aseme ukweli kwa upole: nyumbani ni Wakristo, mimi kanisani siendi. Kudanganya ni kujitafutia mialiko ya kwaya kila Jumapili.

Kuna mahali pengine pa kujitambulisha ambapo wageni hupasahau, nako ni ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyeji ampeleke siku mbili tatu za mwanzo, na nakala ya pasipoti na ya kibali cha ukaazi daraja C, ambacho ndicho cha watu wa kujitolea. Huko hadithi za kaka na gitaa hazihitajiki. Jina, anayemlaza, kituo, muda. Na huko neno "kujitolea" lisikosekane. Binti wangu nusura aseme "nafanya kazi Temeke", nikamkanyaga mguu, kwa sababu kufanya kazi kunataka kibali kingine na maswali mengine.

Kwenye kile kikao cha pili hapakuwa na vigelegele. Palikuwa kimya, kisha mama wa bahasha akasema kwa sauti, "Kumbe naye ni mtoto!" Ukumbi ukacheka, binti akacheka bila kuelewa.

Wiki hiyo mama yule akamwita wakati wa uji. Akamwonyesha jinsi ya kumkalisha mtoto wima, kichwa kisilalie nyuma, kidevu kielekee kifuani kidogo. Kijiko kiwe kidogo na kisijae. Usitie kingine mpaka uone koo limepanda na kushuka. Akikohoa, macho yakalengalenga, au sauti ikawa kama ya mtu anayesukutua maji, simama hapohapo, uji unataka kuingia njia ya hewa. Kikombe kimoja kilichukua dakika arobaini. Siku ya nne mama akaenda sokoni na kumwachia kijiko, na mimi nikabaki mlangoni kuangalia.