Maswali na Majibu: Kivumishi Kimekwenda Wapi?

"Mrefu" ni kivumishi, "amechoka" ni kitenzi. Lakini si yote mawili yanaeleza hali ya mtu?

Yanaeleza hali, ila maana pekee haitoshi kulipa neno aina yake. Tazama linavyojiendesha kwenye sentensi. Kanusha: "si mrefu", lakini "hajachoka", hakuna asemaye "si choka". Tia wakati: "amechoka" inakubali, "amerefu" inagoma. Ukilazimisha utapata "amerefuka", na hapo tayari umeshaunda kitenzi.

Kiswahili kina vivumishi vya asili vichache. Hali nyingi tunazitwika vitenzi (kulewa, kujaa, kuoza, kukauka), nyingine tunazieleza kwa nomino, kama "maji ya moto", na nyingine tumezikopa: safi, ghali, rahisi. Hizo za kukopa hata ngeli hazifuati. Mpaka wa aina hii kwetu umejaa viraka, na sioni aibu kuukubali hivyo ulivyo.

Eti kuna lugha yenye vivumishi vinane tu?

Ipo, Kiigbo cha Nigeria. Ni jozi nne: kubwa na dogo, jipya na kuukuu, zuri na baya, jeusi na jeupe. Sifa nyingine hubebwa na nomino na vitenzi. Mwanaisimu R. M. W. Dixon alionyesha mwaka 1977 kwamba lugha zenye vivumishi vichache huwa zinabakiza mambo hayohayo: ukubwa, umri, ubora na rangi.

Na Kichina? Nimeambiwa hakina vivumishi kabisa.

Wabishi wangali wanabishana. "Yeye mrefu" husimama bila neno la "ni", na hukanushwa kwa "bu" ileile inayokanusha "kuja". Kwa vipimo hivyo, "mrefu" ni kitenzi. Lakini neno lenye maana ya "sana" hukaa vizuri mbele ya "mrefu" na vitenzi vya moyoni kama "kupenda", si mbele ya "kuja". Mimi naona ni tawi la vitenzi lenye tabia zake.

Je, kuna lugha isiyotenganisha hata nomino na kitenzi?

Inayotajwa sana ni Kinuuchahnulth cha Kisiwa cha Vancouver, Kanada. Mwaka 1939 Morris Swadesh alitoa jozi ya sentensi iliyovuma. Ya kwanza: "mtu yule anafanya kazi". Ya pili inageuza kabisa: shina la "mtu" linachukua kiambishi cha kiarifu, na la "kufanya kazi" linachukua kile cha "yule", hata ikawa kama "yule afanyaye kazi ni mtu". Ukiishia hapo utaapa kwamba tofauti haipo.

Usiape bado. Ondoa kiambishi cha "yule". "Mtu" bado linaweza kuwa kiima likiwa peke yake; "kufanya kazi" haliwezi. Tofauti ipo, ila imejificha mahali ambapo sarufi iliyorithiwa kwa Wagiriki haikuzoea kuchungulia. Na Wagiriki wenyewe, katika aina zao nane za maneno, kivumishi hawakukipa chumba; walikilaza pamoja na nomino.