Kukata harusi kwa ffmpeg: -ss ikae wapi?

Wa Kondele: Nataka hotuba ya mzee tu, sekunde 45 kuanzia 1:42:10. Nikiweka -ss baada ya -i nangoja mpaka chai ipoe. Kwa nini?

Fundi wa Milimani: Kwa sababu inafungua kila picha tangu mwanzo wa faili na kuitupa, hadi ifike hapo. Itangulize:

```
ffmpeg -ss 1:42:10 -i harusi.mp4 -t 45 hotuba.mp4
```

Sasa inaruka hadi picha kamili iliyotangulia 1:42:10, inatupa hizo chache za katikati, kisha inaanza pale pale. Usiandike -to 1:42:55 mwishoni badala ya -t. Saa imeshaanza upya sifuri, utapewa karibu saa mbili za harusi kama zipo!

Wa Nakuru: Lakini -ss ikitangulia haikati sawasawa. Kila mtu anajua.

Fundi wa Milimani: Ilikuwa hivyo kabla ya toleo 2.1. Siku hizi ni pale tu unapoweka `-c copy`: bila kufungua picha, haiwezi kuanza katikati ya mbili kamili, hivyo huanza sekunde kadhaa mapema. Hotuba ya sekunde 45, mimi ningeisimba upya tu.

Wa Bungoma: Mahubiri yangu yanaanza skrini ikiwa nyeusi, sauti inasikika. Ni kadi ya kamera?

Fundi wa Milimani: Nashuku `-c copy` na -ss baada ya -i. Weka amri yako nzima tuione.