Nyuma ya kadi ya maadili usiandike maana ya neno

Wiki iliyopita mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uuguzi aliniandikia akiomba picha za kadi zangu za kujisomea maadili ya uuguzi, kwa kuwa alisikia nilipata alama 17 kati ya 20. Sikumtumia. Hakuwa amesikia kwamba kabla ya hapo nilipata 7, nikiwa na kadi 40 za manila nilizozikariri ndani ya daladala kutoka Mbagala hadi chuoni.

Mbele ya kila kadi niliandika jina la kanuni, na nyuma maana yake: kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru, kutenda haki. Kanuni hizo nne, zilizopangwa na wataalamu wa maadili ya tiba Beauchamp na Childress mwaka 1979, nilizijua barabara, lakini mtihani ulileta kisa. Mwalimu aliandika kwa wino mwekundu pembeni mwa jibu langu, "Mgonjwa yuko wapi?" Maneno hayo bado yananiuma, kwa sababu yalikuwa ya kweli.

Kisa kilikuwa hiki. Mama wa miaka 58 amegundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi, naye bado hajaambiwa. Mwanawe anayelipia matibabu anamvuta muuguzi kando: "Dada, tafadhali, mama asijue, atakata tamaa."

Siku hizi mbele ya kadi naweka kisa hicho tu, bila kutaja kanuni, maana ukiitaja umekwisha kujijibu. Nyuma huwa na mistari mitatu. Wa kwanza unataja jambo ndani ya kisa linaloamsha kila kanuni: mama ana akili timamu na hajaulizwa, hivyo uamuzi ni wake; hofu ya mwana inahusu kutodhuru. Malipo, ambayo mimi niliyapa aya nzima, hayampi mwana mamlaka yoyote. Wa pili ni uamuzi: mama aulizwe kwanza angependa kujua kiasi gani na nani awepo, kwa kuwa hawezi kuridhia mionzi ya ugonjwa asioujua. Hofu ya mwana itaongoza namna ya kumwambia.

Mstari wa tatu ndio ulioniokoa, na asiyeuandika anajidanganya: ni jambo gani likibadilika, jibu hugeuka? Mama akisema mwenyewe, "Zungumzeni na mwanangu, mimi sitaki kusikia," basi kumlazimisha asikie ndiko kunakovunja kanuni ileile ya kuheshimu uamuzi wake. Akiwa amepoteza fahamu, mwana atazungumza kwa niaba yake, ila ataulizwa mama angetaka nini, si yeye anataka nini.

Nilimwambia mdogo wangu huyo aandike kadi moja kutokana na kisa cha darasani kwake. Jana aliileta, mwandiko mzuri, mstari wa tatu mtupu. Nimemrudishia.