Hela ya dagaa na mikeka ya mume

"Nauza dagaa Kirumba. Mume wangu anabeti, na namba ya siri ya simu yangu anaijua. Nifanyeje?"

Dada, badilisha namba ya siri leo, kisha fungua akaunti ya benki kwa jina lako peke yako. Ukiuza 60,000, tenga mtaji wa kesho na uupeleke benki jioni hiyohiyo. Salio lililolala kwenye simu ndilo linaloliwa. Kodi mpe mwenye nyumba mwenyewe, usimtume mtu. Usimfiche mumeo. Jumatatu asubuhi, siyo usiku wa mechi (mtagombana bure), fungueni taarifa ya miamala ya mwezi kwenye simu yake, mjumlishe mikeka pamoja, mkubaliane kiasi chake cha mfukoni. Ukikuta na mikopo ya simu, usiilipe kwa mtaji wa dagaa, atakopa tena.